Swali lililokatwa na skrini: uchambuzi wa kisa cha vichwa vya makala kwenye simu

Usuli

Kisa hiki ni cha tovuti ya Kiswahili inayoandika makala za msaada wa simu na kompyuta: betri inayoisha haraka, picha zilizofutika, skrini isiyoitika kidole. Jina la tovuti na la kila mhusika limeondolewa. Takwimu nazo zimezungushwa na kusogezwa kidogo ili asiwepo wa kuitambua tovuti kwa namba zake, lakini uwiano kati ya namba moja na nyingine umeachwa kama ulivyokuwa, maana humo ndimo lilimo somo.

Wakati huo tovuti ilikuwa na makala karibu 400 na watu wanne wa kuiendesha: mhariri mkuu, waandishi wawili, na fundi wa tovuti ambaye ndiye pia aliyekuwa akisoma takwimu. Zaidi ya wasomaji tisa katika kila kumi walitumia simu. Waliifikia makala kwa njia mbili. Wengine walitoka kwenye utafutaji wa Google. Wengine walibofya kadi, yaani vile visanduku vya picha na kichwa vilivyopangwa kwenye ukurasa wa mbele na chini ya kila makala. Uchambuzi huu unahusu kadi. Utafutaji nimeutengea kifungu kifupi baadaye, kwa sababu kule skrini inagawanywa kwa namna nyingine.

Mambo yalianzia kwenye ripoti. Mhariri mkuu alitenganisha vichwa vyote vilivyoishia na alama ya kuuliza na vile visivyo nayo, kisha akalinganisha. Vichwa vya swali vilibofywa mara 41 kwa kila maonyesho 1,000. Vya kauli mara 32. "Watu wanapenda kuulizwa," alisema kikaoni, na hakuwa akisema kwa hisia tu. Alikuwa amesoma utafiti wa Linda Lai na Audun Farbrot wa Norwei, wa mwaka 2014, uliokuta kwamba vichwa vya swali vinavuta wasomaji wengi kuliko vya kauli, hasa swali linapomgusa msomaji mwenyewe. Takwimu za nyumbani na utafiti wa nje vikasema mamoja. Ikaamuliwa kwamba kuanzia hapo kila kichwa kipya kiwe swali, na makala 120 zinazoonyeshwa zaidi zibadilishiwe vichwa.

Kilichotokea baada ya mabadiliko

Wiki nne baadaye kiwango cha mibofyo kwenye kompyuta kilikuwa kimepanda. Kwenye simu kilikuwa kimeshuka, na kwa kuwa simu ndizo zilizobeba karibu wasomaji wote, mibofyo ya jumla ilipungua.

Dhana ya kwanza ilikuwa msimu. Wiki nyingine huwa na wasomaji wachache, nyingine wengi. Lakini msimu hauwezi kuipandisha kompyuta na kuishusha simu ndani ya wiki zilezile. Tofauti ya vifaa ndiyo iliyomfanya fundi aache kufungua ripoti na afungue tovuti yenyewe kwenye simu ya bei ya chini, akateremsha ukurasa taratibu, akasoma kadi moja baada ya nyingine kama msomaji. Katika kadi kumi za kwanza, alama za kuuliza alizoziona zilikuwa tatu. Nyingine zote zilimezwa na nukta tatu za kukatia.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ripoti ya maana kuliko zote katika kisa hiki, na haikuhitaji hesabu yoyote.

Nafasi iliyopo kwenye kadi

Kabla ya kuhukumu swali au kauli, ni lazima kujua herufi ngapi zinapata mahali pa kukaa. Simu nyingi za Android humpa mtengenezaji wa kurasa upana wa pikseli 360 za CSS (hiki ni kipimo cha kivinjari, si cha nukta halisi za kioo), na zile ndogo zaidi humpa 320. Kadi ya tovuti hii ilikuwa na picha ya pikseli 112 upande wa kushoto, pengo la 12 kati ya picha na maandishi, na ukingo wa 16 kila upande. Ukitoa vyote hivyo kwenye 360, kichwa kinabakiwa na pikseli 204. Maandishi yalikuwa mazito ya ukubwa wa 18. Herufi ya wastani huchukua takriban nusu ya ukubwa huo, yaani pikseli 9, hivyo mstari mmoja unabeba herufi 22 hivi, nafasi kati ya maneno zikiwamo. Mistari iliyoruhusiwa ni miwili:

```css
.kadi h3 {
  display: -webkit-box;
  -webkit-box-orient: vertical;
  -webkit-line-clamp: 2;
  overflow: hidden;
}
```

Mtu angesema basi nafasi ni herufi 44. Sivyo. Kivinjari hakikati neno katikati. Neno lisipoenea hushushwa mstari unaofuata, na pengo lililobaki linapotea bure. Kiswahili kina vitenzi virefu vinavyobeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo mapengo hayo ni makubwa. Tazama kichwa hiki cha herufi 60: "Kwa nini simu yako inapata moto unapoichaji hata ikiwa mpya?" Mstari wa kwanza unaishia "Kwa nini simu yako", kwa sababu "inapata" haienei. Wa pili unabeba "inapata moto" tu, kwa sababu "unapoichaji" nayo haienei. Msomaji anaona:

Kwa nini simu yako
inapata moto…

Herufi 31 kati ya 60. Waandishi walikuwa wakifuata kanuni ya kuishia herufi 60, ambayo huzungumzwa sana kuhusu matokeo ya utafutaji, nao wakaichukulia kuwa kanuni ya kila mahali. Kwenye kadi yao, nafasi salama ilikuwa herufi 36 hadi 40, kutegemea maneno yalivyojipanga. Kwenye skrini ya 320 kila mstari unabaki na herufi 18 tu.

Vichwa vipya vya swali, vikilinganishwa na vya kauli vilivyoviondoa, vilikuwa virefu kwa herufi kumi na moja kwa wastani. Ukiongeza "Je," au "Kwa nini", kisha ukageuza nomino kuwa kitenzi kilichonyambuliwa, urefu unakuja wenyewe. Kumbe mabadiliko yale yalikuwa mawili kwa wakati mmoja, umbo na urefu, na hakuna aliyekuwa na njia ya kujua lipi limeleta nini.

Kwa nini ripoti ya mwanzo ilipotosha

Timu haikukimbilia kurudisha vichwa vya zamani. Ilirudi kwanza kwenye ile 41 dhidi ya 32, na huko ikakuta matundu mawili.

Tundu la kwanza ni mada. Kabla ya agizo la mhariri, waandishi walikuwa wakitumia swali pale makala ilipohusu tatizo linalomuuma msomaji sasa hivi, kama betri kuisha au simu kupata moto. Kauli walizitumia kwa ulinganisho wa simu, maelezo ya masasisho na makala za kumbukumbu. Makala ya tatizo hubofywa zaidi hata ukiipa kichwa kibovu. Fundi alipolinganisha maswali na kauli ndani ya mada moja, ile ya betri, pengo la mibofyo 9 kwa 1,000 lilipungua likabaki karibu na sifuri.

Tundu la pili ni jinsi maonyesho yalivyohesabiwa. Ukurasa ulipofunguka, kadi zote 20 zilihesabiwa kuwa zimeonyeshwa, hata kama msomaji aliondoka baada ya kuona tatu za juu. Kwa kuwa mhariri alizipenda kadi za maswali na kuzipanga juu, kauli zilijazwa maonyesho ambayo hakuna jicho lililoyaona. Kigawanyo kikivimba, kiwango cha mibofyo hushuka pasipo msomaji yeyote kubadili tabia.

Lai na Farbrot hawakukosea. Utafiti wao ulihusu vichwa ambavyo msomaji aliweza kuvisoma, ilhali swali lililokatwa kabla ya kuulizwa ni kitu kingine.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurekebisha kipimo kabla ya kupima chochote. Kadi sasa ilihesabiwa kuwa imeonekana pale tu nusu yake ilipokuwa ndani ya skrini kwa sekunde nzima. Vivinjari vina kifaa cha kazi hiyo, `IntersectionObserver`. Pamoja na kila onyesho, ukurasa uliandika pia kama kichwa kimekatwa au la. Jaribio lake ni la mstari mmoja:

```js
const kimekatwa = h3.scrollHeight > h3.clientHeight;
```

Mstari huo ulistahili zaidi ya ripoti zote za awali, kwa sababu haukadirii. Msomaji aliyekuza maandishi kwenye mipangilio ya simu yake anaweza kukatiwa kichwa cha herufi 38 ambacho kwa jirani yake kinaenea chote, na kanuni ya kuhesabu herufi haitakuambia hilo kamwe. Wasomaji wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko timu ilivyodhani.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenganisha umbo na urefu. Zilichaguliwa makala 40, na kila moja ikaandikiwa vichwa vinne: kauli fupi, swali fupi, kauli ndefu, swali refu. Vifupi vilitakiwa vienee vyote kwenye mistari miwili ya skrini ya 360. Virefu vilikuwa vya herufi 60 hadi 80. Kwa makala ya simu kupata moto, vichwa vilikuwa hivi:

Kauli fupi: "Sababu za simu kupata moto ikichajiwa"
Swali fupi: "Kwa nini simu inapata moto ikichajiwa?"
Kauli ndefu: "Sababu za simu kupata moto ikichajiwa na hatua za kuipoza bila kuharibu betri"
Swali refu: "Simu yako ikipata moto unapoichaji na betri kuisha haraka ufanye nini?"

Kila msomaji aligawiwa kichwa kimoja kwa bahati nasibu kwa kila makala, na kivinjari kikakumbuka, ili akirudi kesho asikute jina jingine. Picha, nafasi ya kadi na makala yenyewe havikuguswa. Waandishi walipewa pia sharti ambalo mwanzoni waliliona la kuchosha, kwamba vichwa vyote vinne viahidi kitu kilekile. Swali lenye ahadi kubwa kuliko kauli linapima ahadi, halipimi swali.

Siku za mwanzo za jaribio zilitupwa. Kila kundi lilitakiwa kupata takriban robo ya maonyesho, lakini moja lilikuwa na karibu theluthi. Seva ilikuwa ikihifadhi nakala ya ukurasa wa mbele na kuwapa wasomaji wengi nakala ileile, kwa hiyo kichwa kilichobahatika kuwa ndani ya nakala kilirudiwa mno. Kugawa vichwa kulihamishiwa kwenye kivinjari, robo zikawa robo, hesabu ikaanza upya. Makundi yasipolingana kama ulivyopanga, usisome matokeo yake hata kama yanakufurahisha.

Uamuzi wa tatu ulihusu lini kusimama. Walikubaliana mapema kwamba hakuna atakayetoa uamuzi kabla ya kila kundi kufikisha maonyesho 24,000 ya simu. Mhariri alikuwa akifungua ripoti kila asubuhi, na kuna asubuhi swali refu lilikuwa likiongoza. Laiti wangesimama asubuhi hiyo, kisa hiki kingeandikwa kinyume.

Matokeo

Kwa kila maonyesho 1,000 ya simu, kauli fupi ilibofywa mara 40, swali fupi mara 43, kauli ndefu mara 37, na swali refu mara 29.

Namba hizi zisomwe kwa uangalifu. Kwa maonyesho 24,000 na kiwango cha 40 kwa 1,000, tofauti kati ya makundi mawili inaweza kuyumba kwa bahati tu kwa takriban 3 au 4 kwa 1,000. Kwa hiyo 43 dhidi ya 40 haitoshi kusema swali fupi limeshinda, na 40 dhidi ya 37 pia haitoshi. Uyumbaji wa kweli ni mkubwa zaidi ya huo, kwa sababu msomaji mmoja huona kadi nyingi na tabia yake hujirudia. Fundi alipohesabu kwa wasomaji badala ya maonyesho, mipaka ilipanuka. Kitu kimoja tu kilisimama imara kwa njia zote mbili za kuhesabu: swali refu lilikuwa chini ya wenzake wote.

Kwenye kompyuta, ambako kadi ilikuwa pana na hakuna kilichokatwa, makundi yote manne yalikaribiana, swali refu likiwamo. Hapo ndipo ilipobainika kwamba urefu wenyewe haukuwa na kosa. Kosa lilikuja pale urefu ulipokutana na mkato.

Uchambuzi: kilichokatwa ni nini?

Kilichobaki kueleweka ni kwa nini kauli ndefu ilipoteza kidogo tu na swali refu likapoteza sana, ilhali vyote viwili vilikatwa. Jibu linaonekana ukiviandika kama msomaji anavyoviona. Kauli ndefu:

Sababu za simu kupata
moto ikichajiwa na…

Hiyo ni kauli fupi iliyoongezewa "na". Ahadi yote imo. Kilichopotea ni nyongeza. Sasa swali refu:

Simu yako ikipata moto
unapoichaji na betri…

Hapa hakuna swali, wala jibu, wala ahadi. Msomaji anasimuliwa tatizo analolijua tayari, kisha anaachwa hewani. "Ufanye nini?", ambayo ndiyo sababu ya kubofya, imo kwenye sehemu isiyoonekana. Kiswahili kinaruhusu neno la kuuliza likae mwishoni, na katika mazungumzo ndiko linakokaa kwa raha: ulienda wapi, anataka nini, unatumia ipi. Mwandishi anayesikiliza sikio lake ataandika hivyo, na sikio halina skrini.

Fundi aliyagawa maswali marefu 40 kwa mahali neno la kuuliza lilipokuwa. Yale 23 yaliyokuwa na "nini", "gani", "vipi" au "wapi" mwishoni yalibofywa mara 24 kwa 1,000. Yale 17 yaliyoanza nalo yalibofywa mara 36, yaani karibu sawa na kauli ndefu. Mgawanyo huu haukupangwa kabla ya jaribio, na makala 23 zingeweza kuwa dhaifu kwa sababu nyingine zao, kwa hiyo timu haikuuamini papo hapo. Yaleyale 23 yaliandikwa upya kwa urefu uleule, neno la kuuliza likiwa mbele ("Ufanye nini simu ikipata moto unapoichaji…"), yakashindanishwa na matoleo yake ya zamani. Mapya yalifikia 35, ya zamani yakabaki palepale. Hapo shaka ilikwisha.

Kwa hiyo ubishi wa swali na kauli, kwenye simu ndogo, ulikuwa umeulizwa vibaya. Kinachoshindana ni maneno matano au sita ya kwanza. Yakiwa na kitu (simu, betri, picha) na yakiwa na kile makala itakachokifanya juu ya kitu hicho (sababu, namna, kwa nini, ufanye nini), mkato hauumizi sana. Yakikosa kimojawapo, hakuna alama ya kuuliza itakayoyaokoa, kwa sababu haionekani.

Maswali ya "Je"

Sehemu hii ndiyo iliyozua mvutano. Ndani ya maswali mafupi 40, makala 16 zilikuwa na swali la ndiyo au hapana, la aina ya "Je, kuchaji usiku kunaua betri?" Hayo yalibofywa mara 46 kwa 1,000. Mafupi mengine, ya "kwa nini" na "vipi", yalibofywa mara 41. Mhariri alitaka "Je" itumike kila inapowezekana.

Mwandishi mmoja akauliza wanabaki wangapi. Kwa bahati kumbukumbu za ukurasa zilikuwa zikiandika ni nani aliyefika katikati ya makala. Waliobofya "Je" walifika nusu kwa asilimia 41 tu. Waliobofya maswali ya "kwa nini" walifika nusu kwa asilimia 63, na wa kauli fupi kwa asilimia 62. Ukizidisha, kwa kila maonyesho 1,000 kauli fupi inaleta wasomaji 25 wanaosoma kweli, swali la "kwa nini" linaleta 26, na swali la "Je" linaleta 19.

Mhariri alijibu kwamba anayepata jibu kwenye aya ya kwanza na kuondoka ameridhika, na huyo asihesabiwe kuwa hasara. Hoja hiyo ina uzito. Swali la "Je" likijibiwa kwa neno moja juu kabisa, msomaji hana sababu ya kuendelea. Lakini walipofungua makala zenyewe walikuta nyingi hazijibu juu. Zinazunguka aya nne kabla ya kusema "hapana". Ian Betteridge, mwandishi wa habari za teknolojia, alisema mwaka 2009 kwamba kichwa chochote kinachoishia na alama ya kuuliza kinaweza kujibiwa kwa "hapana". Wasomaji wa tovuti hii walikuwa wamekwisha kulijua hilo bila kumsoma.

Makubaliano yakawa kwamba "Je" itumike pale tu ambapo aya ya kwanza inatoa jibu, na makala iliyobaki inaeleza kwa nini jibu ni hilo. Zile ambazo haziwezi kuandikwa hivyo zipewe kauli.

Kwenye matokeo ya utafutaji

Huko jaribio la nasibu halikuwezekana. Google inaona kichwa kimoja, na inaweza hata isikitumie: mwaka 2021 ilieleza wazi kwamba inaweza kuchukua kichwa kingine kutoka kwenye ukurasa, kama kile kilicho ndani ya `h1`, badala ya `<title>`. Kwenye simu kiungo cha kichwa hupewa mistari zaidi ya mmoja na kwa kawaida hakibanwi na picha upande wa kushoto, hivyo kichwa cha herufi 60 ambacho kwenye kadi kinakatwa nusu, kule mara nyingi kinaonekana chote.

Timu ilichuja takwimu za Google Search Console kwa simu pekee na kulinganisha kurasa kabla na baada ya kubadilishwa kuwa maswali. Kiwango cha mibofyo kilikuwa kimepanda kwenye kurasa nyingi, ila nafasi ya wastani nayo ilikuwa imebadilika, na ukurasa unaotoka nafasi ya sita kwenda ya nne hubofywa zaidi hata ukiitwa jina lolote. Inawezekana swali lilisaidia, kwa kuwa wengi huandika utafutaji wao kama swali. Inawezekana pia halikuchangia kitu. Waliacha vichwa virefu kwenye `<title>` kwa sababu havikuwa na madhara, wakakataa kuhesabu ongezeko hilo kama ushahidi.

Utekelezaji

Mfumo wa kuandikia uliongezewa sehemu ya pili ya kichwa, maalumu kwa kadi. Haina kikomo cha herufi. Badala yake ina dirisha linalochora kadi kwa upana wa 360 na wa 320 mwandishi akiwa bado anaandika, pamoja na mkato wake. Fundi alikataa kuweka namba kwa sababu "m" ni pana na "i" ni nyembamba, na kwa sababu namba huwafanya waandishi wahesabu badala ya kutazama. Nadhani hili ndilo lililobadilisha mazoea kuliko agizo lolote. Mwandishi akiona kwa macho yake "unapoichaji na betri…" hahitaji kuelezwa.

Makala 60 zenye maonyesho mengi zaidi ziliandikiwa vichwa vipya vya kadi. Msomaji mmoja katika kila kumi aliachiwa vichwa vya zamani ili pawepo cha kulinganisha; bila hao, kubadilisha namna ya kuhesabu maonyesho kungefanya namba za kabla na za baada zisiwekwe mezani pamoja. Baada ya wiki sita, vichwa vipya vilikuwa kwenye 39 kwa 1,000 na vya zamani kwenye 33.

Kilichokwama

Hiyo 39 iko chini ya 43 ya swali fupi kwenye jaribio, ingawa vingi vya vichwa vipya vilikuwa maswali mafupi ya aina ileile. Sehemu ya tofauti ni makala kuwa tofauti. Sehemu nyingine ni kitu ambacho jaribio lisingeweza kukiona. Wakati wa jaribio kila kadi iligawiwa kichwa peke yake, kwa hiyo msomaji aliona orodha iliyochanganyika, swali hapa, kauli pale. Baada ya utekelezaji, kuna kurasa ambazo kadi tano mfululizo zilianza na "Kwa nini simu". Maneno hayo matatu yanakula herufi 13 kati ya 22 za mstari wa kwanza, na anayeteremsha ukurasa haraka husoma mwanzo wa mistari tu. Kadi tano zinakuwa kama moja.

Ili kulipima hilo ingebidi kugawa orodha nzima kwa nasibu badala ya kadi mojamoja, na kwa wingi wa wasomaji wao jaribio kama hilo lingechukua miezi. Kwa sasa mhariri anapanga kwa jicho: kadi mbili zinazofuatana zisianze na neno moja. Kama "Sababu za" nazo zikijipanga tano zitafanyana hivyohivyo, bado haijapimwa.